Kadi ya ziada ya mama: stetimenti inaonyesha shilingi 26,400, kikomo ni 40,000, lakini kadi imekataa

Kitindamimba_Nairobi (mwanzishi wa uzi), 19 Machi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nina kadi ya mkopo yenye kikomo cha shilingi 300,000. Mwaka jana nilimwombea mama yangu, anayeishi Mombasa, kadi ya ziada juu ya akaunti hiyohiyo, nikaiwekea kikomo chake cha shilingi 40,000 ili anunue dawa na mahitaji ya nyumbani bila kusubiri nimtumie fedha. Kadi yangu inaishia na 2206 na yake inaishia na 7314. Kaka yangu na dada yangu huchangia, kwa hiyo kila stetimenti inapotoka tarehe 18 mimi hujumlisha matumizi ya mama, nikagawa kwa tatu, kisha nikawatumia picha ya ukurasa huo.

Tarehe 17 mwezi huu mama alikuwa kwenye duka la dawa akitaka kulipa shilingi 8,200, na kadi ikakataa mara mbili. Mama ni mtu mzima mwenye heshima zake, na kusimama pale mbele ya foleni kulimuumiza sana. Alinipigia simu akiniuliza kama nimemfungia kadi.

Jana stetimenti imetoka, na sehemu ya mama inaonyesha hivi: duka la dawa 6,850, supamaketi 9,420, kliniki 7,500, na feni 2,630. Jumla ni 26,400. Kwa hesabu yangu alikuwa amebakiwa na 13,600 siku ile, na akaunti nzima ilikuwa na nafasi ya zaidi ya shilingi laki mbili. Nimeshalipa hizo 26,400 leo asubuhi ili kusafisha sehemu yake. Ninaomba mwenye ujuzi anieleze kadi ilikataa kwa nini, na kama stetimenti hii kweli inaonyesha kila kitu ambacho mama amekifanya.

Mzee_wa_Ganjoni, 19 Machi

Kijana, pole kwa yaliyomfika mama. Jambo ni jepesi. Ukimpa mtu kadi ya ziada ya 40,000, benki huzitoa hizo kwenye 300,000 zako, ukabaki na 260,000 na yeye akawa na zake. Huenda wewe ulitumia sana mwezi huu ukaingia kwenye fungu lake. Halafu, kikomo huanza upya tarehe mosi ya kila mwezi, kwa hiyo mwambie mama asubiri Aprili.

Hesabu_Safi, 19 Machi

Mzee wangu, shikamoo. Ninaomba nikusahihishe kwa heshima, kwa sababu nilifanya kazi katika kitengo cha kadi cha benki kwa miaka tisa, na dhana hii ya fungu lililotengwa ndiyo iliyotuletea simu nyingi kuliko jambo lingine lolote.

Kikomo cha kadi ya ziada ni dari tu, si fedha zilizowekwa kando. Akaunti ni moja na deni ni moja. Mama anapoweka kadi kwenye mashine, mfumo huuliza maswali mawili: je, kadi hii ya 7314 bado haijafika dari yake, na je, akaunti nzima bado ina nafasi? Yote mawili lazima yajibiwe ndiyo. Likikataa moja, kadi inakataa, na mashine ya dukani haisemi ni lipi lililokataa. Hivyo mwenye kadi kuu anaweza kuzitumia zote 300,000, na siku hiyo mama atakataliwa hata kama hajagusa shilingi moja. Kinyume chake, mama asipotumia kitu, mwana ana 300,000 zake kamili, si 260,000.

Kuhusu tarehe mosi, ziko benki zinazohesabu kwa mwezi wa kalenda, lakini nilizozifahamu mimi zilifuata mzunguko wa stetimenti. Kwa ndugu yetu, mzunguko ni tarehe 19 hadi tarehe 18.

Sasa, Kitindamimba, ulisema akaunti ilikuwa na nafasi ya kutosha, kwa hiyo lililokataa ni swali la kwanza. Na hapo stetimenti haiwezi kukusaidia peke yake, kwa sababu stetimenti na kaunta ya kikomo ni madaftari mawili. Stetimenti huandika miamala iliyokwisha kuingizwa kwenye hesabu, yaani ile ambayo mfanyabiashara ameidai na benki ikamlipa. Kaunta ya kikomo hupunguza nafasi tangu dakika ile idhini inapotolewa, hata kama mfanyabiashara hatazidai fedha hizo kamwe. Kati ya idhini na kudaiwa pana pengo, na ndani ya pengo hilo fedha huwa zimezuiwa bila kuonekana popote kwenye karatasi yako.

Ninaomba umuulize mama: kati ya tarehe 19 Februari na tarehe 17 Machi, je, alilala hotelini, alikodi gari, au alijaza mafuta kwa kadi katika kituo ambacho huomba idhini kabla ya kumimina?

Kitindamimba_Nairobi, 19 Machi

Ahsante sana, Hesabu_Safi. Mama hana gari, na huwa halali hotelini. Ni mtu wa nyumbani na msikitini. Sidhani kama jibu litapatikana upande huo.

Mama_Pacha_Thika, 19 Machi

Samahani kuingilia. Mimi nina kadi ya ziada juu ya akaunti ya mume wangu, na swali langu linafanana na hili. Je, mume wangu anaona kila ninachonunua? Si kwamba nina la kuficha, lakini nilimnunulia zawadi na nisingependa aijue kabla ya siku yake.

Hesabu_Safi, 19 Machi

Dada, atauona muamala, lakini hatakiona kitu chenyewe. Mstari wa stetimenti huwa na tarehe ya muamala, tarehe ya kuingizwa kwenye hesabu, jina la mfanyabiashara, mji, na kiasi. Orodha ya vitu iko kwenye risiti ya duka, na duka haliipeleki benki. Ukinunua shati na sufuria katika supamaketi moja, yeye ataona jina la supamaketi na jumla tu. Ukinunua saa katika duka la saa, bila shaka jina la duka litamwambia mengi.

Jambo moja la kuangalia: jina linalotokea si lazima liwe lile lililoandikwa juu ya mlango. Mara nyingi ni jina la kampuni aliyosajili mwenye duka, tena limekatwa kwa sababu nafasi ya herufi ni ndogo. Nimeona familia ikigombana kwa sababu mke alinunua dawa za mtoto, na stetimenti ikaonyesha jina la kampuni ya uwekezaji ambalo hakuna aliyelitambua nyumbani. Mume alitaka kupinga muamala kama wizi. Risiti ilipopatikana, jina lilelile lilikuwa limechapwa chini kabisa kwa herufi ndogo.

Swali la ujumbe wa simu ni tofauti. Kuna benki zinazotuma ujumbe wa kila muamala kwa mwenye kadi kuu, nyingine kwa aliyeshika kadi ya ziada, na nyingine kwa wote wawili. Inategemea namba iliyojazwa kwenye fomu ya maombi, kwa hiyo angalia ni namba ya nani mliyoiandika.

Mdigo_Doha, 20 Machi

Assalaam aleikum. Ninafanya kazi Qatar, na mke wangu yuko Tanga na kadi ya ziada ya akaunti yangu ya huku. Nilimwekea kikomo cha riyali 1,500. Mwezi wa kwanza stetimenti ilionyesha ametumia riyali 1,519. Nilimwuliza kwa ukali kidogo, jambo ambalo ninalijutia, kwa sababu yeye alikuwa ameandika kila kitu kwenye daftari kwa shilingi za Tanzania, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Kadi ilikubalije kuvuka kikomo?

Hesabu_Safi, 20 Machi

Wa aleikum salaam. Mkeo hakukosea. Idhini ilitolewa kwa kiwango cha kubadilisha fedha cha siku ile alipopitisha kadi, na kwa kiwango hicho alikuwa chini ya 1,500. Siku mbili tatu baadaye dai la duka lilipofika, lilibadilishwa kwa kiwango cha siku ya kuingizwa, na benki ikaongeza ada yake ya miamala ya fedha za kigeni. Dai ambalo lilikwisha kupata idhini benki hailikatai kwa sababu limezidi kidogo, kwani duka limeshatoa bidhaa. Kikomo hulinda mlango wa kuingilia tu. Kikishapitwa na idhini, kiasi cha mwisho kinaweza kukivuka.

Tazama stetimenti yako vizuri: chini ya kila muamala wa Tanga mara nyingi utaona kiasi cha shilingi za Tanzania, kisha riyali. Ukilinganisha hizo shilingi na daftari la mkeo, mtaelewana bila kugombana. Na ukitaka asivuke 1,500, basi mpangie matumizi yaishie chini kidogo ya hapo.

Mdigo_Doha, 20 Machi

Shilingi zimeoana zote, hata senti. Nimempigia simu na kumwomba radhi.

Kitindamimba_Nairobi, 21 Machi

Ndugu, nimerudi, na ninaomba radhi kwa kujibu haraka juzi.

Nilizungumza na mama jana usiku. Nilipomuuliza kuhusu hoteli alinyamaza kidogo, kisha akakumbuka harusi ya binti wa dada yake huko Malindi. Nyumba ya arusi ilijaa, kwa hiyo yeye na shangazi walichukua chumba hotelini kuanzia tarehe 12 hadi tarehe 14 Machi. Pale mapokezi waliomba kadi, akaitoa, akaingiza namba ya siri, akapewa karatasi ndogo. Wakati wa kuondoka, binamu yangu alisema mama asilipe, akalipa yeye chumba chote kwa M-Pesa. Mama alidhani jambo la kadi limekwisha hapo. Karatasi ile ilikuwa bado mkobani, na imeandikwa 12,000.

Leo nimepiga simu benki, na mhudumu amethibitisha kwamba kulikuwa na shilingi 12,000 zilizozuiwa kwenye kadi ya 7314 tangu tarehe 12. Kwa hiyo hesabu imekaa sawa: 26,400 zilizoingizwa na 12,000 zilizozuiwa ni 38,400. Alibakiwa na 1,600, na dawa zilikuwa za 8,200.

Leo mchana mama amejaribu tena, na kadi imekubali.

Hesabu_Safi, 21 Machi

Nimefurahi kwamba mama amepata dawa zake. Ndivyo ilivyo kawaida hotelini: wanazuia kiasi cha kujikinga, na mgeni akilipa kwa njia nyingine, lazima mtu wa mapokezi afute idhini ile kwa mkono kwenye mashine. Asipofanya hivyo, zuio hukaa mpaka muda wake uishe lenyewe, na muda huo hutofautiana kati ya benki na benki. Zipo zinazoachia baada ya siku chache na zipo zinazokaa nalo hata wiki kadhaa. Safari nyingine, mama akilipiwa na mtu mwingine, aombe karatasi ya kufuta idhini kabla ya kurudisha ufunguo.

Lakini tusiharakishe kusema leo kadi imekubali kwa sababu gani. Kati ya tarehe 17 na 21 yametokea mambo matatu kwa pamoja: mzunguko mpya umeanza tarehe 19, umelipa 26,400, na huenda zuio la hoteli limeondoka. Lolote kati ya hayo lingetosha. Na hili si la kupuuza, kwa sababu kuna aina mbili za vikomo vya kadi za ziada, na hujui yako ni ipi.

Aina ya kwanza huhesabu deni. Mama akitumia 30,000 na kiasi hicho kikalipwa katikati ya mwezi, nafasi yake hurudi, akaweza kutumia tena. Aina ya pili huhesabu matumizi ya mzunguko. Mama akishatumia 40,000 ndani ya mzunguko, amemaliza, hata kama umelipa kila senti siku ileile, na atasubiri tarehe 19.

Njia_Panda, 21 Machi

Kwangu mimi nafasi hurudi nikilipa. Mwanangu yuko chuoni Eldoret, na akimaliza kikomo ninalipa kwa simu, kesho yake anatumia. Kwa hiyo ninadhani benki zote ziko hivyo, na hiyo aina ya pili labda ni ya zamani.

Mama_Pacha_Thika, 21 Machi

Ndugu, kwetu si hivyo. Mwezi wa Desemba mume wangu alilipa akaunti yote katikati ya mwezi ili niendelee na manunuzi ya sikukuu, na kadi yangu iliendelea kukataa mpaka mzunguko ukageuka, huku yake ikifanya kazi vizuri. Tulidhani kadi yangu imeharibika, tukaagiza nyingine na tukalipia ada yake.

Kitindamimba_Nairobi, 22 Machi

Basi nitapima mwenyewe mwezi ujao na nitaleta majibu hapa.

Nina swali la pili, ambalo dada yangu ameniuliza nikashindwa kulijibu. Stetimenti ya tarehe 18 ina jumla ya shilingi 67,400. Sehemu ya mama ni 26,400. Sehemu yangu, pamoja na deni nililobakiza Februari, ni 39,690. Halafu kuna mstari wa riba wa 1,310, nao umeandikwa chini ya kadi yangu ya 2206. Mimi huwaambia ndugu zangu kwamba sehemu ya mama hailipishwi riba kwa sababu tunailipa yote kila mwezi, na riba ni ya matumizi yangu mimi. Je, nipo sahihi?

Hesabu_Safi, 22 Machi

Hapa, ndugu yangu, haupo sahihi, na ninaomba uvumilie maelezo kwa sababu yanagusa mfuko wako kila mwezi.

Stetimenti imepangwa kwa sehemu ili msomaji ajue nani alinunua nini. Mpangilio huo ni wa macho tu. Benki haina deni la mama na deni lako. Ina deni moja la 67,400, na mdaiwa ni wewe. Tarehe 19 ulipotuma 26,400, hata kama uliandika kwenye maelezo kwamba ni za kadi ya mama, mfumo haukuwa na mahali pa kuliweka neno hilo. Malipo yaliingia kwenye akaunti nzima. Kwa kawaida hulipa kwanza riba na ada, kisha matumizi, kwa utaratibu ulioandikwa kwenye masharti ya kadi. Ikiwa masharti yenu ni hayo, 1,310 ziliondoka kwanza, na 25,090 zilizobaki zikapunguza deni la matumizi bila kuuliza ni ya nani. Deni lililobaki ni 41,000.

Riba imeandikwa chini ya 2206 kwa sababu hiyo ndiyo kadi kuu, na riba, ada ya kuchelewa, ada ya mwaka ya kadi ya mama, na malipo yote huandikwa hapo. Hilo halimaanishi kwamba imezaliwa na matumizi yako peke yako. Siku zile zisizo na riba mnazopewa kwenye manunuzi hupatikana pale jumla yote inapolipwa kabla ya tarehe ya mwisho. Kadi nyingi ziko hivyo: ukibakiza deni, manunuzi yote ya akaunti hupoteza siku hizo, pamoja na dawa za mama za 6,850 ambazo ndugu zako walichangia kwa wakati. Kwa hiyo ndani ya 1,310 kuna kiasi kilichotokana na kadi ya 7314, na stetimenti haitakuonyesha ni kiasi gani.

Namna ya kugawana riba hiyo ni makubaliano yenu nyumbani. Mimi ningesema kwa haki kwamba, kwa kuwa wao walilipa sehemu yao kikamilifu na deni lililobaki ni lako, riba yote uibebe wewe. Lakini usiwaambie kwamba manunuzi ya mama hayana riba, maana siyo kweli.

Kitindamimba_Nairobi, 22 Machi

Nimeelewa, na nimeshtuka kidogo. Miezi yote hii nilidhani ninafunga sehemu moja na kubakiza nyingine. Nitalipa 41,000 zote kabla ya tarehe ya mwisho, na riba nitaibeba mwenyewe.

Mzee_wa_Ganjoni, 23 Machi

Nimesoma yote kwa makini, na ninakubali kusahihishwa kuhusu fungu. Ila kuna jambo moja sijaridhika nalo. Mjukuu wangu alipoteza kadi ya ziada, tukaifunga siku ileile, lakini stetimenti iliyofuata ilikuwa na miamala miwili chini ya namba ya kadi iliyofungwa. Nilikwenda tawini, wakaniambia nilipe. Huo si uonevu?

Hesabu_Safi, 23 Machi

Mzee, inategemea tarehe ya muamala, si tarehe ya kuingizwa. Ikiwa mjukuu mwenyewe alinunua siku mbili kabla ya kadi kupotea na dai likafika baada ya kufungwa, ni muamala halali, na utaonekana chini ya namba ya zamani huku mingine ikionekana chini ya namba mpya. Ikiwa ulifanyika baada ya saa mliyotoa taarifa, una haki ya kuupinga kwa maandishi, na ni vyema uwe na namba ya kumbukumbu mliyopewa siku ya kutoa taarifa. Tarehe zote mbili ziko kwenye mstari mmoja wa stetimenti. Ile ya kwanza ndiyo ya kuiangalia.

Mzee_wa_Ganjoni, 23 Machi

Mmoja ni wa kabla. Wa pili ni wa siku ileile, na saa haikuandikwa. Nitarudi tawini na namba ya kumbukumbu.

Kitindamimba_Nairobi, 10 Aprili

Nimerudi na majibu niliyoahidi.

Tangu tarehe 19 Machi mama alitumia 8,200 za dawa na 9,900 za supamaketi, jumla 18,100. Programu ya benki kwenye simu ina ukurasa wa kadi za ziada, ambao sikuwahi kuufungua, na ukurasa huo ulionyesha amebakiwa na 21,900. Tarehe 4 Aprili nililipa 20,000. Tarehe 5 nafasi ya akaunti nzima ilikuwa imepanda kwa 20,000 kamili, lakini nafasi ya kadi ya mama ilibaki 21,900. Kwa hiyo kikomo chetu ni cha aina ya pili: kinahesabu matumizi ya mzunguko, na malipo hayakirudishi.

Halafu likatokea jambo ambalo sikulipanga. Tarehe 6 mama alinunua kipimo cha shinikizo la damu kwa 5,600. Nafasi ikashuka hadi 16,300. Kipimo hakikufanya kazi, akakirudisha, na duka likarudisha fedha kwenye kadi. Jana marejesho yameingia: kwenye orodha ya miamala yapo chini ya 7314 na alama ya kutoa mbele yake, na akaunti imeongezeka 5,600. Nafasi ya mama bado ni 16,300.

Yaani leo orodha ya miamala inasema mama ametumia 18,100, na kaunta inasema ametumia 23,700, na yote mawili ni sahihi. Ndugu zangu nitawagawia 18,100. Mama nimemwambia asipange kununua zaidi ya 16,300 mpaka tarehe 19, na nimemwandikia tarehe hiyo kwenye kalenda ya jikoni.

Hesabu_Safi, 10 Aprili

Kipimo chako ni safi kuliko vingi nilivyowahi kuona. Kwa mfumo unaohesabu idhini za mzunguko ndivyo inavyotarajiwa: kaunta huongezeka kwa kila idhini, na marejesho si idhini, ni fedha zinazorudi kwenye akaunti. Dawa ikizidi 16,300 kabla ya tarehe 19, wewe kama mwenye kadi kuu unaweza kuomba kikomo cha 7314 kiongezwe kwa muda. Benki nyingi hulifanya hilo siku ileile. Mama mwenyewe hawezi kuliomba.

Mdigo_Doha, 11 Aprili

Huku kwangu ni tofauti. Mke wangu alirudisha viatu vya mtoto mwezi uliopita, na nafasi yake ilirudi siku ileile fedha zilipoingia. Lakini kukilipwa deni katikati ya mwezi, nafasi hairudi. Kwa hiyo benki yangu iko nusu huku, nusu kule, na nilipowauliza, kila mhudumu alinipa jibu lake.

Njia_Panda, 11 Aprili

Baada ya kusoma haya nimefungua masharti ya kadi yangu. Yanasema kikomo cha kadi ya ziada ni "asilimia ya kikomo kikuu", na hakuna neno lolote kuhusu malipo wala marejesho. Nafasi ya mwanangu hurudi nikilipa, hilo nina hakika nalo kwa kuwa nimeliona mara nyingi. Kuhusu marejesho, ataniambia akirudisha kitu.

Mama_Pacha_Thika, 12 Aprili

Tumeupata ukurasa huo wa kadi za ziada kwenye simu ya mume wangu. Kwenye simu yangu haupo. Je, kuna yeyote ambaye aliyeshika kadi ya ziada anaweza kuiona nafasi yake mwenyewe, bila kumwuliza mwenye kadi kuu?

Hesabu_Safi, 12 Aprili

Zipo benki zinazoruhusu, iwapo mwenye kadi kuu ataidhinisha namba ya simu ya aliyeshika kadi ya ziada. Zilizobaki, njia ni kupiga simu ileile iliyoandikwa nyuma ya kadi na kuuliza neno moja tu: nafasi iliyobaki kwenye kadi hii, si kwenye akaunti. Usipolitaja neno "kadi", watakusomea ya akaunti.

Mama_Pacha_Thika, 12 Aprili

Nimepiga sasa hivi. Alianza kwa kunisomea ya akaunti.